Nusu ya Jibu Ina Alama Zake

Swali la mtihani wa algoriti liliwapa wanafunzi programu hii fupi, inayojiita yenyewe:

```python
def f(n):
    if n <= 1:
        return 1
    return f(n // 2) + f(n // 2)
```

Waeleze muda wake unavyoongezeka kadiri n inavyokua. Alama 10.

Mwanafunzi mmoja akaandika: “Programu hukoma n ikifika 1. Kila inapojiita, n hugawanywa kwa mbili. Kwa hiyo T(n) = T(n/2) + 1, na jibu ni O(log n).”

Jibu sahihi ni O(n). Msahihishaji mwenye haraka angeweka mkasi na kufungua karatasi nyingine. Lakini fuata hoja mstari kwa mstari. Pa kukomea amepaona. Kupungua kwa n amekuona pia: 8 huwa 4, kisha 2, kisha 1, yaani ngazi zinaongezeka kwa log n. Kilichomponyoka ni kwamba mstari wa mwisho unaita f mara mbili. Mlinganyo ulipaswa kuwa T(n) = 2T(n/2) + 1.

Hesabu n ikiwa 8. Ngazi ya kwanza ina wito mmoja, ya pili miwili, ya tatu minne, ya nne minane. Jumla ni 15. N ikiwa 16, jumla ni 31. Ukizidisha n mara mbili, kazi nayo inakaribia kuongezeka mara mbili. Mwanafunzi alipima urefu wa mti akasahau kuhesabu matawi.

Mwongozo wa haki hugawa alama kabla ya karatasi ya kwanza kufunguliwa: pa kukomea 2, mlinganyo 3, idadi ya ngazi 2, jumla ya miito 2, jibu 1. Huyu anapata 2, kisha 2 kati ya 3, kisha 2. Jumla yake ni 6.

Hapa wasahihishaji hubishana. Kanuni ya kawaida ni kutomwadhibu mtu mara mbili kwa kosa moja. Mlinganyo wake mbovu ameutatua vizuri, basi kwa nini akose alama za jumla? Kwa sababu kosa lake liliifuta kazi yenyewe. Alama zile zilipima kujumlisha matawi, na kwake hapakuwa na tawi la kujumlisha. Kosa lingeuacha ugumu palepale, ningempa.

Aliyeandika “O(n), kwa sababu n inapungua hadi 1” amepata jibu, lakini sababu yake haimfikishi huko. Anastahili 2 za pa kukomea na 1 ya jibu. Atalalamika, na mwongozo utamjibu.

Pembeni mwa karatasi ya kwanza usiandike “kosa” tu. Andika: “f inaitwa mara ngapi katika mstari wa mwisho?” Kisha umwonyeshe programu ambayo hoja yake ingekuwa sahihi kabisa: ile inayoweka `x = f(n // 2)` na kurudisha `x + x`. Kwa 8, hiyo ina miito 4 tu.