"Siku mbili" si malalamiko ya bili

Kila wiki mamlaka za maji hupokea mamia ya meseji za wateja, na meneja hana nafasi ya kuzisoma zote. Kwa hiyo mtu wa huduma kwa wateja huzipanga kwenye Excel, meseji moja kila mstari, kisha huhesabu maneno: ngapi zinataja bili, ngapi maji kukatika, ngapi mita. Jumatatu meneja anapata ukurasa mmja wenye hoja za wiki.

Fomula yenyewe ni fupi:

```
=COUNTIF(A2:A401,"*bili*")
```

Inahesabu meseji zenye herufi hizo, si mara ngapi zimetajwa, na hilo ni jema: mteja mwenye hasira aliyeandika "bili" mara sita anabaki mteja mmoja. Shida iko kwenye zile nyota. Zinaruhusu herufi zozote kabla na baada, kwa hiyo "siku mbili hatuna maji" nayo inaingia kwenye fungu la bili.

Tuseme meseji ni 400 na fomula imeleta 140. Ukizisoma unakuta 50 zimeingia kwa sababu ya "mbili" tu. Malalamiko halisi ya bili ni 90, na zile 50 nyingi zinalia ukame wa bomba. Meneja anayeamini 140 atawabana watu wa ankara, wakati mafundi ndio walihitajika mtaani.

Dawa ni kutafuta neno zima. Badilisha kwanza nukta, mkato na alama nyingine ziwe nafasi, ongeza nafasi mwanzoni na mwishoni mwa kila meseji, kisha tafuta `"* bili *"`. Usisahau wanaoandika "bill" au "ankara". Lakini ukijumlisha hesabu tatu, meseji yenye "bili" na "ankara" itahesabiwa mara mbili. Ni salama zaidi kuweka safu ya kila hoja, na kuandika 1 pale neno lolote la hoja hiyo linapoonekana.

Kwa vitenzi, neno zima halitoshi, maana Kiswahili hubadilisha viambishi. Ukitafuta "katik" ili upate "yamekatika" na "yanakatika", utazoa pia kila "katika mtaa wetu". Tafuta "mekat" na "nakatik". Na yupo asiyetumia kitenzi hicho kabisa: "bomba kavu tangu juzi". Huyo haonekani kwenye hoja yoyote.

Ndiyo maana mstari ninaouthamini kuliko yote katika ripoti ni ule wa meseji ambazo hazikuguswa na neno hata moja. Ukipanda ghafla, wateja wameanza kulalamikia jambo ambalo orodha yako hailijui.

Kwa hiyo, wewe unayeandaa ripoti hiyo, kabla hujaituma soma kwa macho yako meseji 20 za kila hoja na 20 zilizoachwa nje, na chini ya kila namba mwekee meneja meseji moja kama mteja alivyoiandika, bila jina wala namba yake ya simu.