Kukadiria bili ya umeme wa mashine ya kusaga

Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga. Miezi minne ya magunia 200, 300, 400 na 500 ilileta bili za shilingi 520,000, 700,000, 840,000 na 1,060,000.

Njia ya juu na chini hutazama miezi miwili tu, wenye kazi nyingi kuliko yote na wenye kazi kidogo kabisa. Tofauti ya 540,000 ukiigawa kwa magunia 300, kila gunia linakula 1,800, na gharama isiyobadilika ni 160,000. Magunia 450 yatafikia 970,000.

Lakini mota ikiwa mbovu mwezi ule wa juu, hesabu yote inapotoka. Regresheni hupitisha mstari kati ya miezi yote: 1,760 kwa gunia, 164,000 zisizobadilika, jumla 956,000. Hii naiamini zaidi. Kwa magunia 800, usiamini yoyote: huenda ikahitajika mashine ya pili.