Kofakta na Hesabu ya Miti Unganishi

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi moja ya hisabati, nayo ni kofakta, kwa kuitumia katika kazi yake badala ya kuifasili peke yake. Tumeona mara kadhaa kofakta ikichanganywa na detaminanti, kana kwamba tofauti yao ni ya jina tu. Mfano ufuatao utaonyesha kwamba mchanganyiko huo humpa mwanafunzi jibu lisilo sahihi.

Grafu tunayoizungumzia hapa si mchoro wa mstari kwenye karatasi ya miraba. Ni vipeo kadhaa pamoja na viungo, na kila kiungo huunganisha vipeo viwili. Tuchukue vipeo vinne, A, B, C na D, na viungo vitano: AB, BC, CD, DA na AC. Huu ni mraba uliotiwa ulalo mmoja. Mti unganishi ni fungu la viungo linalounganisha vipeo vyote bila kufanya mzunguko wowote. Kwa vipeo vinne, mti huo huwa na viungo vitatu kamili. Swali letu ni hili: grafu hii ina miti unganishi mingapi?

Njia ya kuhesabu ilitokana na kazi ya Gustav Kirchhoff ya mwaka 1847 kuhusu mikondo ya umeme katika mtandao wa nyaya. Kwanza huandikwa matriksi, yaani jedwali la namba lenye safu mlalo na safu wima moja kwa kila kipeo. Kwenye ulalo huwekwa idadi ya viungo vinavyogusa kipeo. Penginepo huwekwa -1 ikiwa vipeo viwili vimeunganishwa, na 0 ikiwa havikuunganishwa. Kwa grafu yetu tunapata:

```
      A   B   C   D
A     3  -1  -1  -1
B    -1   2  -1   0
C    -1  -1   3  -1
D    -1   0  -1   2
```

Kabla ya kuendelea, yafaa kujumlisha kila safu. Jumla isipokuwa 0, basi kuna kosa mahali fulani.

Kwa kuwa kila safu ina jumla ya 0, detaminanti ya matriksi nzima nayo ni 0, kwa grafu hii na kwa grafu nyingine yoyote. Kwa hiyo anayeagizwa "tafuta detaminanti" atajibu kwamba hakuna mti hata mmoja. Kinachotakiwa ni kofakta: tufute safu mlalo moja na safu wima moja, tutafute detaminanti ya namba zilizobaki, kisha tuipe alama yake. Tukifuta safu zote mbili za A, tunabaki na:

```
 2  -1   0
-1   3  -1
 0  -1   2
```

Detaminanti yake ni 2(6 - 1) - 2 = 8. Alama ya nafasi hiyo ni chanya, hivyo kofakta ni 8.

Tuhakikishe kwa mkono. Kuchagua viungo vitatu kati ya vitano kuna njia 10. Njia mbili tu hufanya mzunguko, nazo ni pembetatu ABC na ACD. Zinabaki njia 8, na kila moja ni mti unganishi.

Sasa tufute safu mlalo ya A na safu wima ya B. Detaminanti ya kilichobaki ni -8. Je, kanuni imevunjika? La. Nafasi hiyo ni ya safu mlalo ya 1 na safu wima ya 2. Jumla ya 1 na 2 ni witiri, hivyo alama yake ni hasi, na kofakta inarudi kuwa 8. Kofakta zote za matriksi hii ni sawa, lakini detaminanti ndogo zisizopewa alama si sawa. Hii ndiyo sababu ya pili ya kulitunza neno kofakta.

Sababu ya kanuni hii yaweza kuelezwa kwa ufupi. Kofakta hugawanyika kuwa jumla ya sehemu 10, moja kwa kila chaguo la viungo vitatu. Chaguo lililo mti huchangia 1, na chaguo lenye mzunguko huchangia 0.

Msomaji azingatie mipaka miwili. Miti huhesabiwa kwa majina ya vipeo, hivyo miti miwili yenye umbo moja huhesabiwa mara mbili. Tena, grafu iliyokatika vipande hutoa kofakta 0, na hapo sifuri ni jibu la kweli.

Kwa hiyo tunapendekeza kofakta ifasiliwe hivi: detaminanti inayobaki baada ya kufuta safu mlalo moja na safu wima moja, pamoja na alama ya nafasi yake. Maneno sita ya mwisho yasiachwe.