"Dawa ya kifafa" si jina la dawa

Mfanyabiashara wa vitunguu, mwanamke wa miaka 26, anatoka Mang'ola wilayani Karatu na mzigo wake kuelekea Nairobi. Lori linasafiri usiku, foleni ya Namanga ni ndefu, na mauzo yaliyotarajiwa kuchukua siku mbili yanachukua siku sita. Siku ya tatu vidonge vyake vinaisha. Anaingia duka la dawa lililo karibu na soko na kusema: "Naomba dawa ya kifafa."

Anauziwa kabamazepini ya miligramu 200. Dawa si bandia, haijapita muda wake, na ni dawa halisi ya kifafa. Anaimeza kama alivyoelekezwa. Kesho yake asubuhi mikono inaanza kuruka hadi chai inamwagika. Siku inayofuata mikono inaruka zaidi, kisha anaanguka sokoni, mwili mzima ukitikisika.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini kila hatua yake inaweza kumpata mtu yeyote mwenye kifafa anayeishi kwa kuvuka mipaka. Kosa limeanzia kwenye neno moja. Kifafa si ugonjwa mmoja, na dawa huchaguliwa kwa kuangalia aina ya kifafa.

Aina mbili kubwa

Kuna kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Mgonjwa anaweza kuanza kwa kutikisika mkono mmoja tu, kusikia harufu ambayo wengine hawaisikii, au kukodoa macho huku akitafunatafuna bila kujua alipo. Baadaye mshtuko unaweza kuenea mwili mzima akaanguka. Kwa mtu huyu kabamazepini ni chaguo zuri. Lamotrijini na levetirasetamu nazo humfaa.

Kipo pia kifafa kinachohusisha pande zote mbili za ubongo tangu mwanzo. Humu kuna mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache katikati ya sentensi kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wapo pia vijana ambao mikono yao huruka ghafla asubuhi, hasa wakikosa usingizi, na mara nyingine huanguka kabisa. Kwa hawa, kabamazepini na fenitoini zinaweza kuongeza kuduwaa na kuruka kwa mikono badala ya kupunguza. Mtoto anayeduwaa tu husaidiwa na ethosuksimaidi au valproeti.

Mfanyabiashara wetu yuko kundi hili la pili. Tangu akiwa na miaka 16 alikuwa akiangusha vikombe asubuhi, na nyumbani walidhani ni uzembe. Alipoanguka mara ya kwanza ndipo alipopelekwa hospitali na kuanzishiwa sodiamu valproeti ya miligramu 500, asubuhi na jioni. Akatulia miaka mingi.

Sokoni mambo matatu yalikutana. Usiku wa safari ulimnyima usingizi, valproeti ilikatika ghafla, na dawa aliyopewa badala yake ni ile inayochochea aina yake ya kifafa. Lolote kati ya hayo lingetosha kumletea matatizo. Muuzaji aliyemuuliza, "Unapopatwa, huanza vipi? Mikono yako huruka asubuhi?" angepata majibu ya kumzuia asimpe kabamazepini. Na mgonjwa aliyetaja jina la dawa yake asingehitaji hata kuulizwa.

Kila dawa na dalili zake

Dawa hizi zina madhara yanayotambulika, na kuyajua humsaidia mgonjwa kutofautisha jambo la kuvumilia na jambo la kukimbilia hospitali.

Kabamazepini mwanzoni huleta kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili. La kuogopwa ni upele, hasa katika miezi miwili ya kwanza. Upele ukija na homa, vidonda mdomoni au ngozi kubanduka, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo. Dawa hii, pamoja na fenitoini na fenobabito, pia hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Mwanamke anaweza kupata mimba akidhani amejikinga.

Fenitoini ikitumika muda mrefu huvimbisha fizi na kuotesha nywele usoni. Ikizidi mwilini, mtu hupepesuka kama mlevi. Fenobabito ni ya bei nafuu, lakini huleta usingizi, na watoto wengine huwafanya wasitulie. Ikiachwa ghafla, mtu anaweza kupatwa na kifafa kisichokoma.

Lamotrijini nayo inaweza kuleta upele hatari, ndiyo maana huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole kwa wiki kadhaa. Msafiri aliyeikosa kwa takribani siku 5 au zaidi asirudie dozi yake kamili. Anapaswa kuanza upya chini ya daktari. Levetirasetamu haina mzigo huo wa upele, lakini huwafanya baadhi ya watu kuwa na hasira au huzuni, na mara nyingi ndugu ndio wanaoligundua hilo kwanza.

Valproeti huongeza uzito, hutetemesha mikono na kupunguza nywele. Kwa nadra huharibu ini, na dalili zake ni kutapika, uchovu mkubwa na macho kuwa ya njano. Lakini kwa mwanamke anayeweza kuzaa kuna jambo zito zaidi. Kati ya watoto 10 ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito, karibu 1 huzaliwa na kasoro ya maumbile, na kati ya 3 na 4 huweza kuchelewa katika kusema, kutembea au kujifunza. Kwa hiyo daktari anayemtibu mwanamke wetu baada ya kuanguka ana kazi mbili. Kwanza atamwondoa kwenye kabamazepini na kumrudishia kinga inayofaa. Pili atamuuliza kama anataka mtoto, na kupanga naye uwezekano wa kuhamia dawa kama levetirasetamu kidogo kidogo. Asiiache valproeti mwenyewe, hata akigundua ana mimba, kwa sababu kifafa kisichokoma kinaweza kumuua yeye na mtoto.

Karatasi ya kuvuka nayo

Anayesafiri na kifafa abebe karatasi yenye mambo matano: jina la dawa yenyewe na si jina la kibiashara tu, kwa kuwa majina hayo hubadilika kutoka nchi hadi nchi, miligramu za kila kidonge, saa za kumeza, na kama kidonge ni cha kuyeyuka polepole, na aina ya kifafa kama daktari alivyoiandika. Abebe vidonge vya wiki moja zaidi ya siku za safari, ndani ya pakiti yake, kwenye mkoba wa mkononi na si juu ya lori.

Anayetumia fenobabito aongeze cheti cha daktari. Dawa hiyo imo kwenye orodha ya Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, na ofisa wa mpakani ana haki ya kuuliza inatoka wapi.

Vidonge vikiisha na jina lile lile halipatikani, duka la dawa si mahali pa kuchagua jingine. Aende kituo cha afya na karatasi yake. Vitunguu vinaweza kusubiri nusu siku.