Bel-Air: lita 9 za maji ya fromaji, gramu 300 tu za rikota. Kwa nini?

Lubumbashi – Anayetengeneza fromaji nyumbani katika mtaa wa Bel-Air, komini ya Kampemba, hubaki na ndoo ya maji ya rangi ya kijanikibichi na manjano kila anapomaliza kazi. Lita 10 za maziwa ya ng'ombe humpa karibu kilo 1 ya fromaji ngumu, na zaidi ya lita 9 hubaki kuwa maji hayo. Kuyamwaga kunauma, kwa sababu yote yalilipwa kwa bei ya maziwa.

Maji hayo yakipashwa moto na kutiwa asidi kidogo hutoa fromaji nyingine, nyeupe na laini. Waitalia wanaiita rikota, maana yake "iliyopikwa tena". Lakini anayengojea kilo nyingine ataona gramu 300 hivi kwenye kitambaa. Wakati mwingine haoni kitu, na makala yameisha kwenye mbabula.

Protini mbili ndani ya maziwa

Maziwa ya ng'ombe yana protini za aina mbili. Ya kwanza ni kazeini, ambayo ni karibu sehemu 8 kati ya 10 za protini yote. Hiyo ndiyo inayoshikana mtu anapotia dawa ya kugandisha, ile inayotoka tumboni mwa ndama, kama wanavyofanya watengenezaji wa fromaji ya Masisi kule Kivu ya Kaskazini. Kazeini inaposhikana inabeba pia sehemu kubwa ya mafuta. Hivyo fromaji ya kwanza imekwisha kuchukua karibu kila kitu kinachoweza kuganda kirahisi.

Aina ya pili haijali dawa hiyo. Inabaki imeyeyuka ndani ya maji, na macho hayaioni. Joto kali ndilo linaloifungua, na asidi inaisaidia kushikana na kuwa mabonge. Rikota ni protini hiyo ya pili pamoja na mafuta machache yaliyoponyoka.

Tuhesabu kwa lita 9. Kila lita ina kama gramu 6 za protini inayoweza kuganda, yaani gramu 54. Sehemu fulani hupotea, tuseme zinakamatwa gramu 45. Mafuta yanaongeza kama gramu 20, na sukari kidogo inabaki ndani ya unyevu. Jumla ni karibu gramu 70 za vitu vikavu. Rikota ikichujwa vizuri bado zaidi ya robo tatu yake ni maji, kwa hiyo gramu 70 hizo zinakuwa kama gramu 300 kwenye sahani.

Sukari ya maziwa ndiyo nyingi kuliko vyote katika ndoo ile, zaidi ya gramu 40 kwa kila lita. Lakini sukari haigandi kwa joto wala kwa ndimu. Inaondoka na maji. Ndiyo maana hata fundi mwenye ujuzi hawezi kuongeza sana uzito wa rikota inayotoka kwenye maji matupu.

Namna ya kuipika

Maji yawe ya siku hiyo hiyo, na ni vizuri yapikwe ndani ya saa 2 au 3 baada ya kukata fromaji. Yamimine katika sufuria safi, yapashe moto, na ukoroge ukigusa chini ili yasiungue. Yakikaribia nyuzi 80 utaona povu jeupe likikusanyika pembeni. Endelea mpaka kati ya nyuzi 85 na 90, kisha punguza moto.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nafasi kati ya kiwango kinachotakiwa na kuchemka ni ndogo. Yakianza kuchemka kwa nguvu, mabonge yanavunjika vipande vidogo na kitambaa hakiyakamati. Asiye na termometa aangalie uso wa maji: yatetemeke na kutoa vitone pembeni, yasiruke.

Sasa tia asidi, iwe siki au maji ya ndimu yaliyochujwa. Kwa lita 9 anza na vijiko 4 vya supu vilivyochanganywa na maji kidogo. Mimina polepole, zungusha mara moja au mbili tu, kisha ngoja dakika 2. Mabonge meupe yakipanda juu na maji katikati yakawa maangavu, acha hapo. Yakiwa bado kama maziwa, ongeza kijiko kimoja, ngoja tena. Asidi ikizidi, rikota inakuwa na chembe kama mchanga, inazama chini, na inakuwa chachu.

Toa sufuria motoni, iache dakika 15 bila kuigusa. Kisha chota mabonge kwa kijiko cha matundu na kuyaweka juu ya kitambaa safi. Saa 1 au 2 zinatosha kuchuja. Rikota ina unyevu mwingi, kwa hiyo inaharibika haraka. Ikae kwenye frigo na iliwe ndani ya siku 3 hivi. Umeme ukikatika, iliwe siku ile ile.

Maji yasiyotoa kitu

Kuna maji ambayo hayatatoa rikota hata ukiyapika mpaka usiku. Wengi nyumbani hawatumii dawa ya kugandisha. Wanachemsha maziwa na kutia ndimu hapo hapo. Fromaji hiyo inatoka, lakini joto na ndimu vimekwisha kukamata protini zote mbili kwa pamoja. Rikota imo tayari ndani ya fromaji ya kwanza.

Maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila frigo, na aina nyingi za maziwa ya unga, yana shida inayofanana. Kiwandani yalipata joto kali, protini ya pili ikajibandika kwenye kazeini. Inakwenda nayo, na maji yanayobaki ni maskini. Maji yaliyolala usiku mzima yakachacha nayo hutoa chembe ndogo zisizokamatika.

Kwa hiyo jaribu kabla ya kuwasha mbabula kubwa. Chota glasi moja ya maji, ipashe moto mpaka karibu kuchemka, tia matone machache ya ndimu. Vipande vyeupe vikitokea na kupanda, ndoo nzima inafaa. Yakibaki na ukungu tu, usipoteze makala.

Hesabu ya makala

Makala ndiyo gharama halisi. Kufikisha lita 9 kutoka nyuzi 35 hadi 90 kwenye mbabula ya kawaida kunaweza kula karibu nusu kilo ya makala. Ukiyaacha yapoe mpaka nyuzi 20, unaongeza zaidi ya robo ya matumizi hayo. Ni heri kuyapika yakiwa bado na joto la fromaji ya kwanza.

Njia ya kweli ya kupata zaidi ni kuongeza lita 1 ya maziwa mabichi mazima katika lita 9 hizo kabla ya kupasha. Kazeini na mafuta yake vinashikana pamoja na protini ya pili, na rikota inaweza kufika nusu kilo au kupita kidogo, laini zaidi. Makala yanaongezeka kidogo tu. Lakini sehemu hiyo iliyoongezeka umeilipa: imetoka kwenye lita ya maziwa mapya. Maji yenyewe bado yametoa gramu zake 300.

Maji yanayobaki mwisho bado yana sukari. Yakipoa, nguruwe wanayanywa, na yanafaa kukandia mkate.