Wa Ngapi Kati ya Wangapi?

Mtoto akirudi nyumbani na ripoti iliyoandikwa "wa tatu", mzazi huuliza kwanza: wa tatu kati ya wangapi? Katika mkondo wake, au darasa zima pamoja na mikondo mingine? Alama za mtoto ni zilezile vyovyote atakavyojibiwa. Kinachobadilika ni kundi analopimwa nalo.

Swali hilo la mzazi ndilo linalowakwamisha watu wengi wanaotumia Tableau, programu ya kompyuta inayogeuza takwimu kuwa majedwali na chati. Mtu ameweka asilimia katika jedwali lake, namba zimetulia, kisha anabadilisha mpangilio mmoja mdogo na kila kitu kinakuwa kingine. Hajagusa takwimu wala fomula. Anadhani programu imeharibika, au mbaya zaidi, haoni mabadiliko yenyewe na ripoti inakwenda kwa wakubwa ikiwa na jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Ili tuone kinachotokea, tuchukue takwimu ambazo kila mwanafunzi wa Tableau hukutana nazo: mauzo ya duka la mfano liitwalo Superstore, linalouza samani, vifaa vya ofisi na teknolojia katika kanda nne za Marekani. Natumia toleo lililosambaa sana, lenye mistari 9,994 ya mauzo ya miaka minne. Matoleo mengine ya duka hilohilo yana namba tofauti kidogo. Tukiweka kanda kwenye mistari na aina za bidhaa kwenye safuwima, tunapata mauzo haya kwa dola:

| Kanda | Samani | Vifaa vya ofisi | Teknolojia |
|---|---|---|---|
| Kati | 163,797 | 167,026 | 170,416 |
| Mashariki | 208,291 | 205,516 | 264,974 |
| Kusini | 117,299 | 125,651 | 148,772 |
| Magharibi | 252,613 | 220,853 | 251,992 |

Tubaki na kisanduku kimoja tu, vifaa vya ofisi vya Magharibi, chenye dola 220,853. Tunataka kujua nafasi yake, kwa hiyo tunaandika fomula fupi:

```
RANK(SUM([Sales]))
```

Fomula hiyo inasema "panga mauzo kwa ukubwa". Haisemi upange nini pamoja na nini. Tukimwambia Tableau alinganishe vifaa vya ofisi vya Magharibi na bidhaa nyingine za Magharibi, kisanduku chetu kinakuwa cha tatu, yaani cha mwisho, kwa sababu samani na teknolojia zimeuza zaidi katika kanda hiyo. Tukimwambia alinganishe na vifaa vya ofisi vya kanda nyingine, kinakuwa cha kwanza, maana hakuna kanda iliyouza vifaa vya ofisi kuliko Magharibi. Na vikishindanishwa visanduku vyote 12, kinashika nafasi ya nne. Kwa hiyo kisanduku kimoja, chenye mauzo yaleyale, ni cha mwisho, cha kwanza na cha nne, na kila jibu ni sahihi kwa swali lake.

Sababu iko katika mahali hesabu hii inapofanyikia. Hesabu za kawaida, kama kujumlisha mauzo, hufanywa na hifadhidata: Tableau hutuma ombi na kurudishiwa majumla. Hesabu ya jedwali huja baada ya hapo. Haioni ile mistari 9,994. Inaona visanduku 12 vilivyokwisha kujumlishwa, basi. Na kwa kuwa inafanya kazi juu ya jedwali lililo mbele yako, ni lazima iambiwe mambo mawili kabla ya kuanza. La kwanza ni kuta: jedwali likatwe vyumba gani, ili hesabu ya chumba kimoja isiingie chumba kingine? La pili ni njia: ndani ya chumba, hesabu itembee kupitia nini? Kazi ya kwanza ni ya kugawa, ya pili ni ya kuelekeza. Kila kipengele kilichomo kwenye jedwali, iwe kanda, aina ya bidhaa au mwezi, hupewa mojawapo ya kazi hizo mbili. Hakuna kinachobaki bila kazi, na hilo ndilo linalosahaulika zaidi. Ukikiondoa kipengele njiani, umekigeuza kuwa ukuta.

Kwenye programu, mipangilio hii iko chini ya `Compute Using`. Ukichagua `Specific Dimensions`, unaona orodha ya vipengele vyenye visanduku vya kutia alama. Kilichotiwa alama ni njia. Kisichotiwa alama ni ukuta. Ukitia alama `Category` pekee, kanda zinakuwa vyumba vinne na kisanduku chetu ni cha tatu. Ukitia alama `Region` pekee, bidhaa zinakuwa vyumba vitatu na kisanduku kinakuwa cha kwanza. Ukitia zote mbili, hakuna kuta, na nafasi inakuwa ya nne.

Nafasi angalau hupiga kelele: tofauti kati ya kwanza na mwisho itaonekana na mtu yeyote. Asilimia ndiyo inayonitia hofu. Tugawe mauzo ya kisanduku kwa jumla ya chumba chake:

```
SUM([Sales]) / TOTAL(SUM([Sales]))
```

Kuta zikiwa za kanda, tunagawa 220,853 kwa mauzo yote ya Magharibi, 725,458, na tunapata asilimia 30.4. Kuta zikiwa za bidhaa, tunagawa kwa mauzo yote ya vifaa vya ofisi, 719,047, na tunapata asilimia 30.7. Pengo ni pointi 0.3 tu. Mkuu wa mauzo akiuliza Magharibi inabeba sehemu gani ya soko la vifaa vya ofisi, na akapewa 30.4 badala ya 30.7, hakuna jicho litakaloshtuka. Kumbe namba aliyopewa haizungumzii soko hilo hata kidogo. Inazungumzia mgawanyo wa bidhaa ndani ya Magharibi. Mwaka ujao majumla hayo mawili yakiachana, asilimia zake zitaachana pia, na uamuzi uliojengwa juu ya namba ile utakuwa umesimama pasipofaa.

Kinga nyepesi hapa ni kujumlisha. Katika kila chumba asilimia lazima zifike 100. Zikifika 100 kwa kusoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kanda ndizo kuta. Zikifika 100 kwa kusoma safuwima kutoka juu kwenda chini, bidhaa ndizo kuta. Ni jaribio la dakika moja, na nadhani kila anayetuma jedwali la asilimia alifanye kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Sasa, kwa nini namba hubadilika hata pale mtu anapoapa kwamba hakugusa mipangilio? Mara nyingi ni kwa sababu alichagua mipangilio inayofuata umbo la jedwali badala ya majina ya vipengele. `Table (across)` humaanisha "tembea kuelekea kulia", chochote kilicholala huko. Katika jedwali letu huko kuna bidhaa, kwa hiyo tunapata asilimia 30.4. Buruta bidhaa kutoka kwenye safuwima uzipange kwenye mistari pamoja na kanda, na upande wa kulia hauna tena cha kupitia. Kila kisanduku kinakuwa chumba cha mtu mmoja: nafasi ni ya kwanza kila mahali, asilimia ni 100 kila mahali. Ukiona jedwali limejaa 100, kosa ni hilo karibu kila mara. Na `Table (down)` katika mpangilio huohuo mpya itapita kanda na bidhaa zote kwa pamoja, kwa hiyo kisanduku chetu kitashuka hadi asilimia 9.6 ya mauzo yote.

`Specific Dimensions` hukwepa mtego huo, kwani hushika jina la kipengele popote kinapohamishiwa. Lakini ina mtego wake. Ukiongeza kipengele kipya kwenye jedwali, kwa mfano `Segment`, kinachogawa wateja wa Superstore katika makundi matatu, kitaingia bila alama, yaani kitaingia kama ukuta. Chumba cha Magharibi kinakatwa vyumba vitatu, kila kimoja kikiwa na asilimia 100 zake, na ukijumlisha Magharibi nzima unapata 300. Hutokea hata kama `Segment` umeiweka kwenye `Detail` kwa ajili ya mapambo ya chati tu.

Bado kuna mpangilio wa foleni. Kwa asilimia na nafasi, si hoja nani anapitiwa kwanza ndani ya chumba. Kwa jumla inayoendelea kukua, `RUNNING_SUM`, ndiyo hoja yenyewe. Tia alama vipengele vyote viwili, ukiweka `Region` juu ya `Category` katika orodha. Hesabu itamaliza bidhaa zote za Kati, ihamie Mashariki, kisha Kusini, na itakapofika kwenye vifaa vya ofisi vya Magharibi itakuwa imebeba dola 2,045,209. Sasa vuta `Category` juu ya `Region`. Itapita samani za kanda zote kwanza, kisha vifaa vya ofisi vya kanda zote, na kwenye kisanduku kilekile itaonyesha 1,461,047. Alama ni zilezile, hakuna ukuta uliojengwa wala kubomolewa. Kilichobadilika ni nani ametangulia kupanga mstari.

Ninapokabidhiwa jedwali la mtu mwingine lenye namba nisizoziamini, sisomi fomula yake kwanza. Naongeza hesabu mbili kando ya ile inayotiliwa shaka, `INDEX()` na `SIZE()`, na kuzipa mipangilio ileile ya `Compute Using`. Ya kwanza huandika namba ya foleni ndani ya kila kisanduku, 1, 2, 3, na hurudi 1 kila inapovuka ukuta. Ya pili huandika chumba kina visanduku vingapi. Vifaa vya ofisi vya Magharibi vikionyesha 2 kati ya 3, najua vinashindana na bidhaa za kanda yao. Vikionyesha 4 kati ya 4, vinashindana na kanda nyingine. Vikionyesha 11 kati ya 12, vinashindana na wote na `Region` imetangulia kwenye orodha. Vikionyesha 8 kati ya 12, ni `Category` iliyotangulia.