Kadi yatangulia, hundi yafuata: ada ya ovadrafti inavyozaliwa njia ya Rusumo

Barabara inayotoka Kahama hufika Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ikapita Lusahunga na kuingia Ngara hadi daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kifunguliwe Rusumo mwaka 2016, malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo yameizoesha njia hii malipo ya kadi kwenye vituo vya mafuta, nyumba za wageni na maduka ya vipuri. Wafanyabiashara wa maharage na kahawa wa Ngara nao wanazidi kufungua akaunti za hundi zenye kibali cha ovadrafti, yaani ruhusa ya benki kutoa fedha zaidi ya zilizomo, hadi kikomo mlichokubaliana.

Hapo ndipo linapoanzia lalamiko ambalo mteja hushindwa kulieleza vizuri dirishani: "Niliweka hela kabla sijanunua, kwa nini mmenikata ada ya kuzidisha?" Mteja anasema kweli, na benki huweza kuwa haijavunja kanuni yake yoyote. Kinachotofautiana ni saa mbili. Mteja anafuata saa ya dukani, benki inafuata saa ya daftari.

Muamala wa kadi una hatua mbili. Ya kwanza ni idhini: mashine ya muuzaji inauliza, benki yako inajibu ndiyo, na kiasi kile kinashikiliwa. Fedha bado hazijatoka. Hatua ya pili huja muuzaji anapofunga hesabu za mashine yake, kwa kawaida jioni. Faili la hesabu hizo hupitia benki yake, kisha mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, ndipo lifike benki yako. Safari hiyo huchukua siku moja hadi tatu, na mwisho wa juma huirefusha. Benki inapoliingiza faili hilo kwenye daftari ndipo inapopima kama akaunti imezidi, na ndipo ada huhesabiwa.

Fedha zinazoingia nazo zina mwendo wake. Taslimu uliyompa karani wa dirishani huonekana papo hapo. Uhamisho kati ya benki kupitia TISS, mfumo wa Benki Kuu, ni wa papo kwa papo. Hundi ya benki nyingine hupitia TACH, mfumo wa kukusanya na kulinganisha hundi ulioanza mwaka 2015, na husubiri siku ya kazi inayofuata. Wakati huo wote kiasi cha hundi huweza kuonekana kwenye salio la daftari, huku salio unaloweza kulitumia likiwa halijaongezeka. Anayeangalia simu na kuona jumla kubwa huamini kwamba zote ni zake. Kosa hili huzaa ada.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mnunuzi wa maharage wa Ngara ana 600,000 kwenye akaunti, na benki imempa kibali cha ovadrafti. Ada ni 10,000 kwa kila muamala unaoikuta akaunti haina kitu au unaoifikisha chini ya sifuri. Ijumaa mchana anaweka hundi ya 400,000 aliyolipwa na mteja wa Biharamulo. Jioni hiyo na Jumamosi analipa kwa kadi: mizigo 550,000, mafuta 60,000, kipuri cha gari 45,000 na chumba cha kulala 30,000. Jumla ni 685,000. Kwa hesabu yake ana 1,000,000, na zitabaki 315,000.

Jumatatu usiku malipo yote manne yanaingia daftarini pamoja na hundi. Sasa kila kitu kinategemea kipi kinaanza. Benki ikiingiza hundi kwanza, akaunti inafika 1,000,000, malipo manne yanapita na hakuna ada hata moja. Ikianza na malipo kwa kufuata kidogo hadi kikubwa, 30,000, 45,000 na 60,000 yanapita salama, kisha 550,000 yanaifikisha akaunti chini ya sifuri kwa 85,000. Ada ni moja: 10,000. Ikianza na kikubwa, mizigo inakula 550,000 na kubakiza 50,000. Halafu mafuta yanaifikisha akaunti chini ya sifuri, na kipuri na chumba vinaikuta imekwisha kuzidi. Ada tatu: 30,000. Hundi inapoingia baadaye, salio kabla ya ada ni lile lile 315,000 katika njia zote. Mteja hakununua zaidi, benki haikukopesha zaidi, lakini gharama imetoka sifuri hadi 30,000 kwa sababu ya mpangilio tu.

Kwamba mpangilio wa kikubwa kwanza unaweza kuwa njia ya kuvuna ada, si shutuma tu. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho ya California iliiamuru benki ya Wells Fargo ilipe takriban dola milioni 203, baada ya kuona kwamba benki hiyo ilikuwa ikipanga malipo ya kadi kuanzia makubwa kuongeza ada za ovadrafti. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa mwaka 2016.

Kwa upande wetu, wengi wa Ngara na Biharamulo hawataikuta hali hii kwenye benki, kwa kuwa malipo ya akaunti ya kawaida ya akiba hukataliwa salio likiisha. Ovadrafti wanayoijua ni ya simu: Songesha ya M-Pesa kwa Tanzania, na Fuliza kwa Kenya tangu Januari 2019. Huko hakuna faili la usiku. Kila muamala unahesabiwa kwa zamu yake, sekunde kwa sekunde. Ukituma kabla wakala hajakuwekea, deni limezaliwa na ada yake, na kiasi cha kwanza kitakachoingia kitakatwa kulilipa kwanza. Ni kali, lakini mteja anaweza kuiona kwa macho. Ya benki haionekani hadi uombe taarifa ya akaunti.

Ukiomba taarifa hiyo, usiishie kwenye kiasi. Tafuta tarehe ya muamala na tarehe ya thamani, kisha fuata safu ya salio mstari kwa mstari. Ikiwa hundi ina tarehe ile ile ya thamani na malipo lakini imeandikwa chini yao, una hoja. Ikiwa tarehe yake ni ya siku inayofuata, hoja yako ni dhaifu, kwa maana fedha hazikuwa zimekamilika.

Kwa lalamiko la kwanza andika barua kwa tawi lako ukitaja namba za miamala, na uulize: benki inaingiza fedha kwanza au makato kwanza, na imeandikwa wapi kwenye mkataba? Usiporidhika na jibu, peleka shauri kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinataka masharti na ada vielezwe waziwazi kwa mteja. Maoni yangu ni kwamba hilo linapaswa kuhusisha mpangilio wa kuingiza miamala, uandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba wa ovadrafti, kwa Kiswahili. Benki zenyewe ziingize fedha za siku kabla ya makato yake, na zitoze ada moja kwa siku badala ya moja kwa kila muamala. Mfanyabiashara anayesaini kibali cha ovadrafti Ngara mjini au Biharamulo adai sharti hilo kabla ya kuweka sahihi.